Njia Mbili za Ganglia za Msingi na Korea ya Huntington: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wanafunzi wa uuguzi na utabibu, na kutoka kwa jamaa za wagonjwa, katika madarasa na wodi za hapa Uganda. Linalorudi kuliko yote, kwa sura nyingi, ni hili: katika Huntington, ugonjwa wa ubongo unaorithiwa, inakuwaje seli za ubongo zife halafu viungo vizidi kucheza, hali iitwayo korea, badala ya kulegea? Jibu lake liko katika Swali la 6, na yanayolitangulia yanaliandalia njia.

## Misingi

1. Ganglia za msingi ni nini?

Ni mafungu ya seli za neva yaliyo ndani kabisa ya ubongo, chini ya gamba lake, kulia na kushoto. Fungu kubwa huitwa striatamu, nalo lina sehemu mbili zinazotuhusu: kaudeti, inayojipinda kando ya chumba cha maji ya ubongo, na putameni iliyo upande wake wa nje. Ikitazamwa kutoka putameni kuelekea katikati ya ubongo, inafuata palidasi ya nje, kisha palidasi ya ndani. Chini zaidi kuna kiini cha sabthalamasi, ambacho ni kidogo na chenye umbo la dengu, na jirani yake kuna dutu nyeusi inayotengeneza kemikali ya dopamini.

Jambo la kushika mapema ni kwamba mafungu haya hayaamrishi misuli. Striatamu haina uzi unaoshuka hadi kwenye uti wa mgongo. Neno lake hufika kwa thalamasi, na thalamasi ndiyo inayochochea gamba la ubongo, ambalo ndilo hutoa amri. Kwa hiyo mgonjwa wa Huntington hapoozi: nguvu za misuli anazo, ila uchaguzi wa mijongeo gani ipite na ipi isipite ndio umevurugika.

2. Kwa nini inasemekana kwamba kazi yake ni kuzuia?

Kwa sababu mlango wake wa kutokea, yaani palidasi ya ndani, hauna neno jingine la kusema isipokuwa «hapana». Seli zake hutoa kemikali iitwayo GABA, ambayo hunyamazisha seli inayoipokea, na hufanya hivyo mfululizo, makumi ya mara kwa kila sekunde, hata mtu akiwa ameketi kimya. Thalamasi basi huishi chini ya kizuizi cha kudumu.

Fikiria lori lililoegeshwa kwenye mteremko huku breki ya mkono imevutwa. Ili lori liende hakuna haja ya kulisukuma. Inatosha kulegeza breki. Ndivyo mjongeo unavyoruhusiwa katika ubongo: mzuiaji ananyamazishwa kwa muda mfupi, na thalamasi inaachiwa.

3. Njia ya moja kwa moja hufanyaje kazi?

Gamba la ubongo linapopanga mjongeo, huchochea seli za striatamu kwa kemikali ya glutameti. Baadhi ya seli hizo hupeleka uzi wake moja kwa moja hadi palidasi ya ndani, na ndiyo maana njia ikapewa jina hilo. Zenyewe pia hutumia GABA. Zinapoamka, huinyamazisha palidasi ya ndani. Palidasi ikinyamaza, thalamasi inafunguliwa, na mjongeo unapita. Kuzuia kinachozuia ni kuruhusu.

4. Na njia isiyo ya moja kwa moja?

Hapa ndipo wanafunzi wengi hupotea, kwa sababu hujaribu kukariri badala ya kuhesabu. Andika alama ya kutoa kila palipo na kuzuia na alama ya kujumlisha kila palipo na kuchochea, kisha zidisha kama ulivyofundishwa katika hesabu za shule.

```
moja kwa moja:
striatamu (−) palidasi ya ndani (−) thalamasi

isiyo ya moja kwa moja:
striatamu (−) palidasi ya nje (−) kiini cha sabthalamasi
(+) palidasi ya ndani (−) thalamasi
```

Katika njia ya kwanza alama za kutoa ni mbili, na jumla yake ni chanya: thalamasi inaamshwa. Katika njia ya pili alama za kutoa ni tatu na ya kujumlisha ni moja, kwa hiyo jumla ni hasi: thalamasi inazuiwa. Kwa maneno, seli ya striatamu inainyamazisha palidasi ya nje. Palidasi ya nje inapokuwa kimya, kiini cha sabthalamasi kinapata uhuru. Kiini hicho, ambacho hutumia glutameti, kinaichochea palidasi ya ndani. Nayo inaibana thalamasi zaidi. Hii ndiyo njia ya breki.

Breki hiyo haipo ili mtu asiende kabisa. Unaponyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai, kuna mijongeo mingine mingi ambayo ingeweza kutokea kwa wakati uleule: bega kupanda, vidole kujikunja, uso kukunjamana. Njia ya breki ndiyo inayoifunga ile usiyoitaka wakati njia ya kwanza inafungulia ule mmoja unaoutaka.

5. Dopamini inaingia wapi?

Inatoka kwenye dutu nyeusi na kumwagwa ndani ya striatamu. Seli za njia ya moja kwa moja zina vipokezi vya D1, na dopamini huziamsha. Seli za njia ya breki zina vipokezi vya D2, na dopamini hiyohiyo huzituliza. Kemikali ni moja na athari ni mbili, lakini zote zinaelekea kwenye kurahisisha mjongeo. Hili litahitajika tena katika Swali la 11.

## Kinachoharibika katika Huntington

6. Seli zinapokufa, kwa nini mijongeo huongezeka?

Kwa sababu zinazokufa kwanza ni seli za breki. Katika ugonjwa wa Huntington, seli za striatamu zinazokwenda palidasi ya nje huanza kupotea kabla ya zile zinazokwenda palidasi ya ndani. Seli hizo mbili hufanana sana, lakini hubeba protini ndogo tofauti pamoja na GABA: za njia ya breki hubeba enkefalini, na za njia ya moja kwa moja hubeba dutu P. Tofauti hiyo ndiyo iliyowawezesha wachunguzi wa ubongo wa marehemu, katika miaka ya 1980, kuona kwamba katika hatua za mapema enkefalini imefifia kwenye palidasi ya nje huku dutu P ikiwa bado ipo kwa wingi kwenye palidasi ya ndani.

Sasa fuata mnyororo wa Swali la 4, ukiwa umekata kiungo cha kwanza. Palidasi ya nje imepoteza mnyamazishaji wake, kwa hiyo inapiga kelele kupita kiasi. Kelele yake ni GABA, na inaangukia kiini cha sabthalamasi, ambacho kinakandamizwa. Kiini kilichokandamizwa hakiichochei palidasi ya ndani ipasavyo, na palidasi ya ndani inalegea. Breki ya mkono imeachiwa nusu, thalamasi inavuja, na vipande vya mijongeo ambavyo gamba halikuvikusudia vinapita.

Vipande hivyo ndivyo korea. Huwa vifupi, havina mpangilio, na huhama: kidole, kisha nyusi, kisha bega, kisha mguu wa upande mwingine. Jina lenyewe linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ngoma au dansi, na halina uhusiano wowote na nchi ya Korea, ingawa kila mwaka kuna mwanafunzi anayeuliza. Mjongeo wa korea si mtetemo. Mtetemo hurudia mdundo uleule, ilhali katika korea huwezi kubashiri ni kiungo gani kitafuata.

7. Kwa nini seli hizo zife kwanza, ilhali jeni liko katika kila seli ya mwili?

Jeni lenyewe liko kwenye kromosomu ya 4 na liligunduliwa mwaka 1993. Ndani yake kuna herufi tatu, CAG, zinazojirudia. Watu wengi wana marudio yasiyozidi 26. Kuanzia 36 hadi 39 mtu anaweza kuugua au asiugue katika maisha yake, na kuanzia 40 ugonjwa hutokea iwapo ataishi umri wa kawaida. Kila CAG huongeza kiungo kimoja cha glutamini katika protini ya hantingtini, na protini yenye mkia mrefu hujikunja vibaya, ikavunjika na kuganda ndani ya seli.

Ni kweli kwamba protini hiyo hutengenezwa karibu kila mahali mwilini. Hata hivyo seli za striatamu zina udhaifu wao. Hutegemea lishe ya protini inayoletwa kutoka kwenye gamba, na gamba nalo limeugua. Tena marudio ya CAG hayabaki kama yalivyorithiwa: katika seli hizi huendelea kurefuka mwaka hadi mwaka, kwa sababu vyombo vya seli vya kukarabati jeni huongeza marudio badala ya kuyarekebisha. Mtu aliyerithi marudio 44 anaweza kuwa na seli za striatamu zenye zaidi ya 100, huku damu yake ikionyesha 44 tu. Hilo linasaidia kueleza kwa nini ugonjwa husubiri hadi umri wa miaka 30 hadi 50 ilhali kasoro ilikuwapo tangu mimba.

Kwa nini seli za breki zitangulie jirani zao wa njia ya moja kwa moja ni fumbo ambalo wataalamu wangali wanalibishania.

8. Mbona mgonjwa wetu alikuwa akicheza-cheza, na sasa amekakamaa?

Kwa sababu ugonjwa haukuishia kwenye seli za breki. Miaka inavyosonga, seli za njia ya moja kwa moja nazo hufa. Palidasi ya ndani ikikosa wa kuinyamazisha kwa njia hiyo, thalamasi hubanwa, na mgonjwa huwa mzito, mkakamavu na mwenye hatua za kusitasita. Jamaa huona korea imepungua na kudhani amepata nafuu, jambo ambalo ni gumu kuwasahihisha bila kuwavunja moyo.

Wanaougua kabla ya miaka 20, ambao kwa kawaida wana marudio zaidi ya 60 na mara nyingi wamerithi kutoka kwa baba, huweza kuanzia moja kwa moja kwenye ukakamavu, pengine pamoja na kifafa. Usisubiri korea kwa mtoto.

## Mgonjwa mmoja

9. Je, haya yote yanaonekanaje kitandani kwa mgonjwa?

Mgonjwa ufuatao ni wa kubuni kwa ajili ya kufundishia, ila dalili zake ni za kawaida. Ni mama wa miaka 43 anayeuza nafaka sokoni Busia. Kwa miaka mitatu amekuwa akidondosha sarafu na kukosea chenji, na majirani wanasema amezoea waragi, ingawa hanywi. Amekuwa mkali kwa wateja. Baba yake alifariki akiwa na miaka 58, baada ya muda mrefu wa kile ambacho ukoo ulikiita ugonjwa wa kuchezacheza.

Akiwa ameketi, vidole vyake vinajinyanyua kimoja kimoja kama anayehesabu shanga. Anapoona unavitazama, anapeleka mkono kichwani kana kwamba anarekebisha kitambaa. Huo ni mjongeo usiotakwa aliougeuza uonekane wa makusudi. Mwombe atoe saba kutoka 100, kisha saba tena kutoka kila jibu, mfululizo, na vidole vinazidi kucheza. Mwombe atoe ulimi na kuushikilia kwa sekunde 10: unarudi ndani baada ya sekunde tatu. Mpe vidole vyako viwili avibane: anabana, analegeza, anabana tena, kama anayekamua ng'ombe. Mwombe ahamishe macho haraka kutoka kalamu moja hadi nyingine bila kugeuza kichwa: anapepesa kwanza, au kichwa kinatangulia.

Tazama kwamba majaribio ya ulimi na ya kubana yanaonyesha jambo ambalo neno «mijongeo mingi» linalificha. Mama huyu hashindwi tu kuzuia asichokitaka. Hashikilii pia anachokitaka. Milango inafunguka na kufungwa ovyo, na amri ya kubana inakatizwa katikati.

Picha ya CT inaonyesha kaudeti iliyosinyaa, na mbele ya chumba cha maji, mahali ambapo kwa kawaida kaudeti hubonyea ndani, ukuta umenyooka kama wa sanduku. Kipimo cha jeni, ambacho hospitali ya wilaya haina, kinaleta marudio 44 kwenye nakala moja na 18 kwenye nyingine. Hapo utambuzi umekamilika.

Anapewa dawa ya haloperidoli kidogo na vidole vinatulia. Miaka minane baadaye analetwa akiwa ameganda, anatembea kwa shida na kukabwa na chai. Kipimo cha dawa hakijabadilika, lakini ubongo umebadilika: seli za njia ya moja kwa moja zimekwisha kupungua, na dawa iliyokuwa ikifaa sasa inamzidishia uzito. Hatua ya kwanza ni kuipunguza taratibu, na ya pili ni kushughulikia kumeza kwake, maana nimonia ya chakula kilichoingia mapafuni huua wengi wa wagonjwa hawa.

## Kutofautisha

10. Je, kila korea ni Huntington?

Hapana, na katika mazingira yetu ni kosa kuanza na Huntington isipokuwa historia ya ukoo inaielekeza. Mtoto wa shule anayeanza ghafla kurusha mikono na kuharibu mwandiko apimwe moyo: korea ya Sydenham hufuata maambukizi ya koo ya bakteria wa streptokoka, na homa ya baridi yabisi ya moyo ingalipo sana Uganda. Hupona kwa kawaida baada ya wiki au miezi, lakini vali za moyo zinahitaji kinga ya penisilini ya muda mrefu.

Mtu mzima ambaye upande mmoja tu unarushwa, na ambaye jana hakuwa hivyo, apimwe sukari kabla ya jambo lingine lolote. Sukari iliyopanda sana huweza kuvuruga striatamu ya upande wa pili, na korea hutulia sukari inaposhushwa. Aliye na VVU na kinga iliyoshuka aangaliwe jipu la toksoplazma. Iwapo kiharusi au jipu limepiga kiini cha sabthalamasi chenyewe, mkono na mguu hurushwa kwa nguvu toka bega na nyonga. Ukiurejea mnyororo wa Swali la 4 utaona kwa nini: katika Huntington kiini kinakandamizwa, hapa kimeharibiwa, na kwa palidasi ya ndani matokeo ni yaleyale.

Limebaki jambo moja linalotuhusu Waafrika. Kuna ugonjwa unaofanana na Huntington kwa kila dalili, ambao jeni lake, JPH3, liko kwenye kromosomu ya 16, na karibu wagonjwa wake wote wanaojulikana wana asili ya Kiafrika. Kipimo cha Huntington kikirudi salama ilhali ukoo una korea, faili lisifungwe.

## Dawa na ukoo

11. Dawa zinawezaje kutuliza korea kama seli zimekwisha kufa?

Haziokoi zilizokufa, zinasaidia zilizobaki. Kumbuka Swali la 5: dopamini hutuliza seli za breki. Ukipunguza dopamini, seli chache za breki zilizosalia zinapumua na kufanya kazi zaidi, huku zile za njia ya moja kwa moja zikipungukiwa na kichocheo. Tetrabenazini huzuia dopamini isipakiwe kwenye vifuko vyake, na haloperidoli au risperidoni huziba vipokezi vya D2. Kwa sababu hiyohiyo levodopa, dawa ya Parkinson inayoongeza dopamini, inaweza kuichochea korea.

Tetrabenazini huweza kuleta huzuni kali na mawazo ya kujiua, na ugonjwa wenyewe unayo hayo tayari. Ulizia hali ya hisia za mgonjwa kila ziara. Tena si kila korea inahitaji dawa. Kama haimwangushi, haimmwagii chakula na haimsumbui, iache. Mara nyingi inaowasumbua ni jamaa, ilhali mgonjwa mwenyewe hata haitambui.

12. Ukoo unasema ni kurogwa, kwa kuwa imewapata baba, shangazi na sasa binti. Tuwajibu nini?

Waambieni kwamba wameona sawasawa kuwa jambo hili linafuata damu. Wamekosea chanzo tu. Kila mtoto wa aliyeathirika, wa kike au wa kiume, ana nafasi moja kati ya mbili ya kurithi, na mimba moja kutoka salama haibadilishi nafasi ya inayofuata. Asiyerithi hawezi kuwapa watoto wake. Mtoto asiye na dalili hapimwi kabla ya miaka 18, na mtu mzima hupimwa kwa hiari yake, baada ya ushauri nasaha, kamwe si kwa shinikizo la wakwe.

13. Marudio ya kati ya 27 na 35 yana maana gani?

Mwenye nayo haugui, lakini yanaweza kurefuka yanaporithishwa, hasa na baba. Huweza kuwa chanzo cha mgonjwa ambaye wazazi wake wote wawili hawakuwahi kuugua.

## Mipaka ya mchoro

14. Ikiwa korea ni palidasi ya ndani kulegea, je, kuiharibu palidasi hiyo si kungezidisha korea?

Hilo ni swali zuri kuliko yote, na mchoro wa alama za kutoa na kujumlisha hauwezi kulijibu. Kwa mujibu wa mchoro, kuiunguza palidasi ya ndani kwa upasuaji kungeachilia breki yote. Kwa kweli upasuaji huo hupunguza mijongeo ya ziada, kama inavyoonekana kwa wagonjwa wa Parkinson ambao levodopa imewaletea mijongeo hiyo.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba thalamasi haisikilizi wingi wa ishara peke yake, bali mpangilio wake pia. Palidasi iliyougua hutuma ishara za kukatikakatika, na thalamasi hustahimili ukimya kuliko fujo. Ni afadhali redio iliyozimwa kuliko iliyo katikati ya stesheni mbili. Vipimo kwa panya vimeonyesha pia kwamba njia zote mbili huamka pamoja mjongeo unapoanza, wala si moja kwa kupokezana na nyingine, jambo linaloafikiana na kile kikombe cha chai cha Swali la 4. Mchoro basi utumike kukisia mgonjwa atazidi kucheza au atakakamaa, na dawa ipi itamfaa. Usitumike kukisia matokeo ya kisu.